Mchecheto wa jukwaani: Bafuni unaimba kama redio, ukishika maiki unachemsha. Kisa nini?

Mpenzi msomaji, wiki hii nimeamua kujianika mwenyewe kabla sijaanikwa na wengine. Wale masela wa Kinondoni waliokuwepo siku ile wanajua ninachotaka kusema, na najua bado wananicheka.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne usiku, kwenye ukumbi mmoja ambao sitautaja. Bendi fulani ilikuwa inatafuta mwimbaji wa kusaidia, na kiongozi wake alikuwa amenisikia nikiimba kijiweni akanipenda. Akaniambia, "Dogo, njoo Jumamosi upande wimbo mmoja tu. Ukiwa bomba, Jumatatu unaanza mazoezi na sisi." Wimbo wenyewe niliujua kama ninavyolijua jina langu. Nilikuwa nimeuimba bafuni, kwenye daladala, na kitandani mpaka mdogo wangu akanirushia kandambili.

Basi, nikapanda. Taa ikanipiga usoni. Nikaona watu kama sitini hivi, na mbele kabisa meza ya washikaji zangu wa mtaani. Ubeti wa kwanza ukatoka, ingawa sauti ilikuwa inatetemeka kama ya mbuzi. Kiitikio kikatoka. Halafu kabla ya ubeti wa pili, kichwani likaja swali moja dogo: "Hivi ubeti wa pili unaanzaje vile?"

Ndugu yangu, hapo ndipo nilipokufa. Kweupe! Si neno, si herufi. Bendi ikazunguka mara ya kwanza, ikazunguka mara ya pili, mpiga gitaa la besi akanikazia macho, nami nimeganda na maiki mkononi kama sanamu ya Askari pale Posta. Mwishowe kiongozi akachukua maiki akamalizia yeye. Jumatatu sikuitwa. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilipokuwa natembea kurudi nyumbani, hata sijafika Magomeni, ubeti wa pili ukaja wote, mzima, bila kukosa neno.

Kwa miezi mitano sikugusa maiki. Ndipo nikaanza kuuliza: hii kitu ni nini? Ni uchawi? Ni woga tu wa kizembe? Dada yangu mmoja, mtoto wa mama mkubwa, anasoma saikolojia pale Mlimani. Nikamwendea kwa aibu. Akanicheka kwanza, halafu akanipa karatasi za utafiti za kutosha kufungia vitumbua mwezi mzima. Nimezisoma na kamusi pembeni. Leo nakupa niliyoyakuta humo, na niliyoyafanya mwenyewe.

HATA WAKUBWA WAMECHEMSHA

Kwanza ujue hauko peke yako. Mwaka 1967 mwimbaji wa Marekani, Barbra Streisand, alikuwa anaimba kwenye bustani ya Central Park, New York, mbele ya watu zaidi ya laki moja. Katikati ya onyesho akasahau maneno. Yeye si kama mimi niliyekuwa natafuta kazi. Tayari alikuwa staa mkubwa. Lakini hofu ile ilimkaa hata kwa miaka mingi akawa anakimbia matamasha makubwa ya hadharani. Alirudi na ziara kubwa mwaka 1994, na maneno ya nyimbo yakiwa yanapita kwenye skrini mbele yake asije akaumbuka tena.

Mwingine ni Pablo Casals, Mhispania aliyehesabiwa miongoni mwa wapigaji bora kabisa wa selo, ile fidla kubwa inayopigwa umekaa. Mwaka 1901 alikuwa anapanda mlima huko Kalifonia, jiwe likaporomoka likamponda vidole vya mkono wa kushoto. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba wazo la kwanza lililomjia lilikuwa la kumshukuru Mungu, kwa sababu hatalazimika tena kupiga selo mbele za watu. Mkono ulipona, akaendelea kupiga mpaka uzee, na mchecheto haukumwacha. Sasa fikiria: mtu anafurahia kupondwa vidole kuliko kupanda jukwaani. Mimi na ubeti wangu wa pili nikajiona nina nafuu.

MWILI UNADHANI UNAKIMBIZWA

Dada yangu alinieleza hivi: mwili hauna namna mbili za kuogopa. Namna aliyoogopa babu yako alipokutana na simba ndiyo hiyo hiyo unayoogopa wewe ukiona watu sitini wanakukodolea. Juu ya figo zako kuna vijitezi viwili. Ubongo ukisema "hatari", vijitezi hivyo vinamwaga kemikali inayoitwa adrenalini kwenye damu. Moyo unakimbia. Damu inavutwa kuelekea misuli mikubwa ya mapaja na mikono ili ukimbie au upigane, ndiyo maana vidole vinakuwa baridi. Mate yanakauka. Pumzi inapanda juu kifuani na kuwa fupi fupi.

Yote hayo ni mazuri kama kweli kuna simba. Lakini mwimbaji anahitaji pumzi ndefu ya kutoka chini, anahitaji mate, na koo lililolegea. Mpiga gitaa anahitaji vidole vyenye joto. Mpuliza tarumbeta anahitaji midomo isiyotetemeka. Kwa hiyo mwili unakusaidia kwa jambo ambalo hukuliomba na kukunyang'anya lile unalolihitaji. Ndiyo sauti yangu ikawa ya mbuzi: pumzi ilikuwa inaishia kabla mstari haujaisha.

Na nani anayeibonyeza hiyo kengele ya hatari? Ni macho ya watu. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Albert LeBlanc waliwachukua wanafunzi 27 wa bendi za shule za sekondari. Kila mmoja alipiga wimbo wake mara tatu: mara ya kwanza akiwa peke yake chumbani, mara ya pili mtafiti mmoja akiwa amekaa naye, na mara ya tatu mbele ya watafiti wote pamoja na wanafunzi wenzake, huku akirekodiwa. Wimbo ni ule ule. Wanafunzi wenyewe walisema hofu ilipanda kila mara waangaliaji walipoongezeka, na ile mara ya tatu hata moyo ulionyesha kwenye kipimo. Angalia vizuri: hao hawakuwa watu wabaya, walikuwa wenzao. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, lakini ile meza ya washikaji zangu ndiyo iliyonimaliza zaidi ya watu wengine wote ukumbini.

SASA UBETI ULIENDA WAPI?

Hapa ndipo niliposoma kwa makini, kwa sababu mimi mtetemo niliuvumilia. Kilichoniua ni kusahau.

Kumbe kitu ukikirudia sana, kinatoka kwenye mikono ya akili inayofikiri na kwenda kwenye mazoea. Ni kama kushuka ngazi. Hakuna anayefikiri mguu upi unafuata. Lakini ukishuka ngazi huku unajiuliza "sasa mguu gani?", utaanguka. Wimbo nao ni hivyo hivyo. Ukiuimba mara mia, kila neno linalivuta lifuatalo kama mabehewa ya treni. Ukiogopa, unaanza kujichunguza: mkono umekaaje, sauti ikoje, neno gani linafuata. Kwa kujichunguza huko ndiko unakokata mnyororo mwenyewe.

Watafiti wawili wa Marekani, Sian Beilock na Thomas Carr, walilionyesha hili mwaka 2001, tena si kwa muziki bali kwa mpira wa gofu. Watu walifundishwa kusukuma mpira mpaka wakazoea, halafu wakawekewa shinikizo ili wafanye vizuri zaidi. Waliojifunza kwa kawaida walichemsha. Waliojifunza huku wakisumbuliwa na kazi nyingine ya kusikiliza maneno nao walichemsha. Lakini kulikuwa na kundi la tatu, ambalo tangu mazoezini lilikuwa linapigwa video na kuambiwa kwamba wataalamu wataitazama. Hao hawakuchemsha. Walikuwa wameshazoea kujiona wanaangaliwa, ikawa shinikizo si kitu kipya. Weka hilo akilini, nitalirudia, maana ndilo lililoniokoa.

Kuna na jambo la kidonda cha kwanza. Huko Sydney, Australia, mtafiti Dianna Kenny amewafuatilia wanamuziki kwa miaka mingi, na yeye na mwenzake Margaret Osborne waliwauliza wanamuziki wa umri wa sekondari kuhusu onyesho lao baya kuliko yote. Wale waliokuwa na kisa kama changu, cha kuumbuka mbele za watu, ndio waliokuwa na hofu kubwa zaidi. Yaani ukichemsha mara moja, safari ijayo unaogopa vitu viwili: jukwaa, na kuchemsha kwenyewe. Miezi mitano niliyojificha ilikuwa inakilea kidonda, haikitibu.

Lakini kabla hujajitangazia kwamba una mchecheto, jipime kwa haki. Kama mahali unapokosea jukwaani ni pale pale unapokosea ukiwa peke yako nyumbani, huo si mchecheto, mshikaji. Hapo hujajiandaa, na hofu yako inakwambia ukweli. Mchecheto ni pale nyumbani unapokuwa safi mara kumi kwa kumi, halafu mbele za watu ndipo unapoharibika.

VIDONGE, NA "MBILI TATU"

Najua kuna watakaosema, "Acha maneno mengi, si unapiga mbili tatu kwanza, unachangamka?" Nimewaona wengi. Pombe inaondoa aibu, ni kweli, lakini inaondoa pia kumbukumbu na kuharibu mapigo. Mtu ambaye tatizo lake ni kusahau maneno anakwenda kunywa dawa ya kusahau! Tena baada ya muda hawezi kupanda bila hiyo.

Wengine wamesikia habari za vidonge. Vipo kweli. Ni dawa za moyo na presha zinazozuia adrenalini isiufikie moyo, na maarufu zaidi inaitwa propranololi. Aliyezivumbua dawa za kundi hilo, Mskoti James Black, alipata tuzo ya Nobeli mwaka 1988. Wanamuziki wa ulaya na Marekani walizishtukia mapema. Mwaka 1987 wanamuziki zaidi ya 2,000 wa okestra kubwa za Marekani waliulizwa, na asilimia 27 walisema wamewahi kuzitumia. Wengi wao walizipata bila kuandikiwa na daktari.

Zinafanya kazi? Mkono unaacha kutetemeka na moyo unatulia, ndiyo. Lakini haziifuti hofu iliyo kichwani, na hazikurudishii ubeti wa pili. Halafu kuna hatari: mtu mwenye pumu akizimeza anaweza kubanwa kifua vibaya sana, na mwenye kisukari anaweza asizione dalili za sukari kushuka. Rafiki yako wa duka la dawa hajui historia ya kifua chako. Hii ni ya daktari, si ya kuazimana nyuma ya jukwaa.

USISEME "TULIA", SEMA "NINA MZUKA"

Sasa tuje kwenye yale unayoweza kuyafanya bila senti.

Mtu akiwa na mchecheto, wote tunamwambia, "Tulia bwana!" Mwaka 2014 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Alison Wood Brooks, alichapisha jaribio lililonifurahisha kuliko yote. Aliwachukua wanafunzi 113, akawapa mashine ya karaoke inayotoa alama zenyewe kwa kupima kama umeshika sauti na mapigo. Kabla ya kuimba, wengine walitakiwa kusema kwa sauti kwamba wana wasiwasi, wengine waseme kwamba wana msisimko, yaani kwa lugha yetu ya mtaani "nina mzuka", na wengine wasiseme kitu. Waliosema wana wasiwasi walipata wastani wa alama 53 kwa mia. Walionyamaza walipata 69. Waliosema wana mzuka walipata 81.

Ajabu yake ni kwamba kusema una mzuka hakupunguzi mbio za moyo. Moyo unapiga vile vile. Dada yangu akanifafanulia: wasiwasi na mzuka ni ndugu wa tumbo moja, kwa mwili ni kitu kile kile, moyo mbio na jasho viganjani. Kutoka kwenye wasiwasi mpaka kwenye utulivu ni safari ndefu, gari limeshawaka. Lakini kutoka kwenye wasiwasi kwenda kwenye mzuka ni kubadili jina tu, na ukibadili jina, kichwa kinaacha kutafuta hatari kinaanza kutafuta raha.

Kwa wale ambao pumzi ndiyo inawasaliti kama mimi, kuna jingine. Mwaka 2012 watafiti wa Sydney waliwachukua wanamuziki 46 na kuwafundisha baadhi yao kupumua taratibu kwa nusu saa kabla ya kupiga, kiasi cha pumzi sita kwa dakika. Hiyo ni sekunde tano kuingiza, sekunde tano kutoa. Waliofaidika ni hasa wale waliokuwa na hofu kubwa tangu mwanzo. Kwa hiyo kama wewe hofu yako ni ndogo, usitegemee maajabu. Mimi yangu haikuwa ndogo.

SIKU ISHIRINI NA MOJA ZA MWANDISHI WENU

Basi, bahati ikanijia tena. Binamu yangu alikuwa anaoa, na shangazi akasema kwenye kikao, mbele ya wajumbe wote, "Huyu si anaimba? Atamwimbia bibi harusi wakati anaingia." Nikataka kukataa. Shangazi yangu hakataliwi. Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Nilikwenda kwanza kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyepuliza saksafoni kwenye bendi zamani. Nikamwamkia, nikamweleza kisa chote. Akasikiliza, akacheka kidogo, akaniuliza, "Kijana wangu, ukiambiwa sasa hivi anza ubeti wa tatu, unaweza?" Nikajaribu. Nikashindwa! Ilibidi niimbe kimoyomoyo kutoka mwanzo mpaka nifike. Mzee akasema, "Umeona? Nyumba yako ina mlango mmoja tu. Ukifungiwa nje, unalala nje."

Niliporudi kwenye makaratasi ya dada, nikakuta mzee na maprofesa wanasema neno moja. Mtaalamu wa kumbukumbu Roger Chaffin alimfuatilia kwa muda mrefu mpiga piano Gabriela Imreh alipokuwa anajifunza kipande kigumu cha Bach, na mwaka 2002 wakatoa kitabu. Walionyesha kwamba mwanamuziki mzoefu anajiwekea alama ndani ya wimbo, mahali anapoweza kuingilia kama mnyororo ukikatika. Haendi na mazoea peke yake.

Basi wiki ya kwanza nikajenga milango. Wimbo wa bibi harusi ulikuwa na beti tatu, kiitikio, kipande cha katikati na cha mwisho. Nikaandika vikaratasi sita, namba moja mpaka sita, nikavitia kwenye kofia. Kila jioni nachomoa kimoja, naanzia hapo hapo bila kuvuta pumzi ya kufikiri. Kwa kila mlango nikachagua neno la kwanza na picha yake. Ubeti wa pili, kwa mfano, nilimwona mama mkwe ameshika khanga. Siku ya kwanza nilishindwa vikaratasi vinne kati ya sita. Siku ya saba sikushindwa hata kimoja.

Wiki ya pili nikapanda ngazi ya macho. Hapa ndipo wale wacheza gofu waliponisaidia. Kila hatua nilijipa alama za hofu, sifuri mpaka kumi, na sheria yangu ilikuwa moja: sihami hatua mpaka hofu ishuke, na siachi wimbo katikati hata nikikosea. Hatua ya kwanza niliegemeza simu kwenye ndoo, nikajirekodi nimesimama wima na viatu miguuni, kisha nikampelekea dada video. Usicheke, simu tu ilinipa hofu ya alama tano. Mara ya tatu ikawa mbili. Hatua ya pili, mdogo wangu na mama. Hatua ya tatu, washikaji wanne wa kijiweni, wale wale wa ile meza. Hofu alama nane! Nikaimba sauti ikitetemeka mpaka mwisho. Nikarudi kesho yake, ikawa sita. Keshokutwa, nne. Mmoja akaniambia, "Wewe tumekuchoka, imba mwingine." Hapo nikajua nimepona kwao.

Mzee naye akanifundisha ujanja: ruka kamba dakika mbili mpaka moyo udunde, halafu imba papo hapo. Nikajifunza kuimba na moyo unaokimbia, nikigawa mistari mirefu mahali pa kuiba pumzi. Wiki ya tatu nikaenda kwenye baa moja ya Sinza yenye usiku wa karaoke, nikaimba mbele ya watu nisiowajua. Hofu alama saba kabla, tatu baada.

SIKU YENYEWE

Ukumbi ulikuwa na watu kama mia tatu. Nilijitenga nyuma ya gari la mapambo, nikapumua tano kwa tano kwa dakika kama kumi. MC alipoita jina langu nikasema kwa sauti, "Nina mzuka!" Mpishi mmoja aliyekuwa amebeba sufuria akanitazama kama kichaa.

Nisikudanganye, mpenzi msomaji. Mchecheto ulikuja wote. Vidole baridi, mate hakuna. Ubeti wa kwanza ukaenda, kiitikio kikaenda. Na kwenye ubeti wa pili, mstari wa tatu, likaja lile swali: "Hivi kinachofuata ni nini vile?" Kweupe tena!

Safari hii sikuganda. Nikamwachia mpiga kinanda mapigo manne, nikaingilia mlango wa kiitikio kana kwamba ndivyo wimbo ulivyotungwa. Kiitikio kikaisha, mlango wa ubeti wa tatu ukafunguka, na wimbo ukafika mwisho. Shangazi akaja kunitunza elfu kumi kwenye paji la uso.

Kesho yake nikamuuliza shangazi, "Uliona nilivyosahau mistari miwili?" Akasema, "Mistari gani mwanangu? Mbona ulikuwa umetulia kama umemwagiwa maji?" Nikaitazama video. Mkono niliodhani unatikisika kama feni mbovu hata hauonekani kutikisika. Hili nalo lina utafiti wake: mwaka 2003 Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walionyesha kwamba watu wanaohutubia hudhani hofu yao inaonekana waziwazi, kumbe wasikilizaji huona kidogo sana. Na waliodokezwa jambo hilo kabla ya kusimama, walihutubia vizuri zaidi. Basi nami nimekudokeza.

UKIONA HAYA, NENDA KWA DAKTARI

Haya niliyoyasema ni ya mchecheto wa kawaida. Kama unakosa usingizi wiki nzima kabla ya onyesho, kama unatapika, kama umeanza kukwepa hata mazoezi, au kama hofu hiyo inakufuata mpaka kazini na kwenye mambo yasiyo ya muziki, hapo kofia na vikaratasi havitoshi. Dianna Kenny mwenyewe ameeleza kwamba kwa baadhi ya wanamuziki, mchecheto ni sehemu ya wasiwasi mkubwa zaidi au sonona. Hospitali kubwa kama Muhimbili zina idara ya afya ya akili, na tiba ya mazungumzo ipo. Mwaka 1991 huko Marekani, Duncan Clark na Stewart Agras waliilinganisha tiba hiyo na kidonge cha wasiwasi kwa wanamuziki, na mazungumzo ndiyo yaliyoshinda kidonge.

Yule kiongozi wa bendi? Mshikaji mmoja alimrushia ile video ya harusi. Juzi kanipigia: "Dogo, kumbe unaweza. Njoo Jumamosi." Wimbo kanichagulia yeye, una beti nne. Nimeshakata vikaratasi saba, viko kwenye kofia. Ukipita Kinondoni Jumamosi ukamwona mtu nyuma ya ukumbi anaruka kamba na suruali ya kitambaa, usiite polisi. Ni mimi.

Tukutane wiki ijayo.